Akiba ya chuo kikuu kwa mtoto aliye bado mdogo: maswali ninayoulizwa Uyole na Mwanjelwa

Kazi yangu ni kuandika hesabu za vikundi na vyama vya akiba hapa Mbeya. Watu wakishamaliza mambo ya kikundi hubaki kwenye benchi na kuniuliza ya kwao, na swali la ada ya chuo linarudi kila wiki. Nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa.

Mwanangu ana miaka mitatu. Niweke shilingi ngapi kwa mwezi?

Usianze na shilingi za kwa mwezi, anza na bei ya chuo leo. Nitakupa hesabu niliyoifanya na dada mmoja anayeuza viazi Uyole, mumewe ni seremala. Tuliiandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa mbolea, na hadi leo anayo.

Tulichukua chuo cha umma, shahada ya miaka mitatu, mtoto anakaa chumba cha kupanga na kujipikia. Ada na michango tuliweka 1,400,000 kwa mwaka. Kwa chakula na malazi Bodi ya Mikopo huhesabu 10,000 kwa siku. Dada akasema mtoto wake atakuwa amefundishwa kupika, tuandike 8,000. Kwa miezi minane ya masomo hiyo ni 1,920,000. Nauli, vitabu na vidogo vidogo tukavipa 280,000. Jumla 3,600,000 kwa mwaka, kwa bei za leo.

Sasa miaka. Kwa sera ya elimu toleo la 2023 shule ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba. Mtoto wa miaka mitatu akianza la kwanza na miaka sita, akapita sita ya msingi, minne, kisha miwili, anafika mlango wa chuo na miaka 18. Yaani dada ana miaka 15. Wengi bado wanahesabu kwa mtindo wa la saba na kujiongezea mwaka ambao hawatakuwa nao.

Bei hazitamsubiri. Tukisema gharama zinapanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 15 kila kitu kimezidi mara mbili kidogo: mwaka wa kwanza wa chuo utataka karibu milioni 7.5, na miaka yote mitatu karibu milioni 23.6. Dada alicheka, kisha akanyamaza.

Ili kufika hapo kwa kiasi kisichobadilika, mahali panapozaa asilimia 9 kwa mwaka na faida haiguswi, inahitajika shilingi 62,000 hivi kila mwezi.

Hiyo asilimia 9 umeitoa wapi? Nimeahidiwa na nani?

Hujaahidiwa na mtu. Ni namba niliyoichagua kwa makusudi iwe chini kuliko ile ambayo mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya hapa nchini imekuwa ikipata miaka ya karibuni, ambayo kwa kawaida imezidi 10. Nikipiga hesabu kwa namba ya chini na ukweli ukawa mzuri zaidi, tunabaki na chenji. Nikipiga kwa namba ya juu na ukweli ukawa mbaya, mtoto ndiye anayebaki nyumbani.

Uone tofauti ya mahali: hizo hizo 62,000 kwa mwezi ukiziweka kwenye akaunti ya kawaida ya akiba inayotoa asilimia 3, na riba hiyo ikakatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, baada ya miaka 15 utakuta karibu milioni 14. Ulizoweka mwenyewe ni milioni 11 na kidogo. Hakuna aliyekuibia, lakini miaka miwili ya chuo haitoshi vizuri.

Mimi sina mshahara. Mwezi mwingine napata, mwingine natembea tu. Nitawekaje kila mwezi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana ushauri mwingi umeandikwa kwa mtu anayelipwa tarehe 25. Wakulima na wachuuzi wa huku wanakosea kwa namna moja: wanachagua kiasi siku ya mavuno. Mfukoni kuna laki nane, unasema nitaweka laki moja kila mwezi. Januari inakuja na sare, madaftari na mbolea, unaruka. Februari unaruka tena. Ukiruka miezi mitatu mfululizo unaona aibu hata kufungua ile akaunti, na mpango unakufa bila mtu kuutangazia msiba.

Mimi namwambia mtu: nitajie mwezi wako mbovu kuliko yote. Dada wa viazi alitaja Februari. Februari ukibanwa kabisa unaweza kutoa nini? Akasema elfu thelathini. Basi hicho ndicho kiasi chako cha kila mwezi, hata Julai ukiwa na hela. Halafu baada ya kila mavuno, mara mbili kwa mwaka, unapiga jiwe la laki moja. Hesabu yake: 30,000 mara 12 ni 360,000, ongeza laki mbili, 560,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi, ni karibu 47,000.

Lakini tulisema 62,000, sivyo? Dawa yake ni kupandisha. Ukianza na wastani wa 47,000 na kila Januari ukaongeza asilimia 5 juu ya ulichokuwa unaweka, unafika kwenye ile ile milioni 23.6. Mwaka wa pili ni 49,000 na kitu. Mwaka wa mwisho utakuwa unaweka karibu 93,000, lakini kwa wakati huo hata debe la viazi halitauzwa bei ya leo. Kwa mtu wa biashara njia hii ni nyepesi, kwa sababu mzigo unakua pamoja naye.

Kwa vitendo anafanya hivi: kila Jumamosi akifunga meza anatia 7,500 kwenye kibubu cha bati. Jumamosi nne ni 30,000, anatuma mara moja kwa mwezi, kwa sababu kutuma vipande vinne vidogo kwa simu kunaliwa na makato. Mwezi wenye Jumamosi ya tano, ile ya tano inalipa makato hayo ya kutuma na kubaki. Nilipenda sana alivyolipanga hilo, halikutoka kwangu.

Nizitume wapi basi?

Kwa fedha ambayo haitaguswa miaka zaidi ya mitano, mimi napendelea mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Inayojulikana zaidi ni ya UTT AMIS: Umoja, ulioanza 2005, kisha Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani. Sasa zipo na kampuni nyingine zenye mifuko ya aina hiyo. Kabla hujaweka hata mia, uliza kama kampuni na mfuko wenyewe vina kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kibali hicho kinaonyeshwa, hakielezwi kwa maneno.

Unanunua vipande. Fedha ya wengi inakusanywa, inanunua hatifungani za serikali, yaani inaikopesha serikali kwa riba, inawekwa benki kwa muda maalumu, na katika baadhi ya mifuko inanunua pia hisa za soko la Dar es Salaam. Faida inaingia kwenye bei ya kipande. Umoja na Watoto vina hisa ndani yake, kwa hiyo bei yake hupanda na mara nyingine kushuka. Ukwasi na Hatifungani havichezi na hisa, vinatembea taratibu zaidi. Kiasi cha kuanzia ni kidogo kwa mifuko mingi, na kutoa fedha huchukua siku chache za kazi.

Jifunze kusoma taarifa yako. Kuna namba mbili: idadi ya vipande ulivyonavyo na bei ya kipande siku hiyo. Ukizizidisha unapata mali yako. Bei ikishuka mwezi mmoja, ni soko, tulia. Lakini idadi ya vipande ikipungua na wewe hukuuza, au uliweka elfu thelathini na idadi haikuongezeka, hapo usitulie. Nenda na risiti ya muamala siku hiyo hiyo. Kuna baba mmoja wa Ilomba alikuwa akituma kwa namba ya akaunti iliyokosewa tarakimu moja kwa miezi minne. Fedha zilirudi, lakini baada ya safari tano, na kama angesoma idadi ya vipande mwezi wa kwanza angeligundua mapema.

Benki si salama zaidi? Pale kuna bima.

Ipo, na ujue ukubwa wake. Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye akaunti hadi shilingi milioni 7.5 kwa benki moja ikifilisika. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023, kabla ya hapo kilikuwa milioni 1.5. Watu wa Njombe wanakumbuka Januari 2018, Benki Kuu ilipofuta leseni za benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa benki ya wananchi ya Njombe. Aliyekuwa na laki nane alikuwa ndani ya kinga ya bima. Aliyekuwa na milioni nne alikuwa na kinga ya ile moja na nusu tu, nyingine akabaki kusubiri ufilisi uendeshwe.

Vipande vya mifuko havina bima hiyo. Kinga yake ni ya namna nyingine: mali ya mfuko hutunzwa na benki iliyo mbali na kampuni inayouendesha, kwa hiyo meneja hana droo ya kuzichukulia. Kinachobaki ni hatari ya bei, nayo kwa miaka 15 inavumilika. Kwa miaka miwili haivumiliki, nitalirudia chini.

Kwa nini nisinunue hatifungani za serikali mwenyewe?

Nunua, ukishafikisha fedha. Benki Kuu inazipiga mnada, unapitia benki yako au dalali wa soko la mitaji, na unahitaji kuanzia milioni moja. Zipo za miaka miwili hadi 25. Riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Mfano, hatifungani ya miaka 20 iliyotolewa mara tu baada ya Aprili 2022 ilikuwa na riba ya asilimia 12.10: kwa kila milioni, 60,500 kila nusu mwaka. Kabla ya mwezi huo ya miaka 20 ilikuwa 15.49. Waliowahi bado wanapokea ile ya zamani, ndiyo raha ya hatifungani, riba yako haipunguzwi njiani.

Shida yake kwa akiba ya mtoto ni mbili. Ya kwanza, ile 60,500 inaingia kwenye akaunti yako ya kawaida kama hela iliyookotwa, na inaliwa. Kama huirudishi kazini, unabaki na milioni ile ile moja baada ya miaka 20, milioni iliyochoka. Ya pili ni tarehe. Ukinunua ya miaka 20 na mtoto anaingia chuo baada ya 15, itabidi uiuze sokoni kabla ya wakati, na bei siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Chagua inayoiva kabla ya mtoto kufika kidato cha sita. Dada wa viazi tumekubaliana: akifikisha milioni tatu kwenye vipande, tutazungumza habari ya hatifungani. Kwa sasa ana laki tisa na kidogo.

SACCOS na VICOBA je? Huko ndiko nimezoea.

Navitunzia hesabu, sitavisema vibaya. Ila kwa ada ya chuo vina mitego. VICOBA vingi vinavunja mzunguko kila Desemba, na fedha inayorudi mikononi wiki moja kabla ya Krismasi ina ndugu wengi. Itumie kama daraja: ukigawiwa, ile laki ya mavuno inatoka hapo na kutumwa siku hiyo hiyo.

SACCOS ni nzuri kwa mkopo. Lakini hisa zako hazitoki mpaka ujitoe uanachama, na akiba yako inazuiwa kama umemdhamini mwenzako na yeye hajalipa. Nimemwona mama ana milioni mbili kwenye kitabu, mwanawe ana barua ya chuo, na hawezi kugusa hata laki tatu kwa sababu ya dhamana aliyoweka saini kwa upole miaka miwili nyuma. Fedha ya chuo isikae kwenye akaunti inayodhamini watu. Uliza pia leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na ukumbuke bima ya amana ya benki haifiki huko.

Baba yangu alinisomesha kwa miti. Mimi nimepanda misindano ekari mbili Mufindi. Si hiyo ndiyo akiba?

Hili ni swali la Mafinga, Njombe na Makete, na linanigusa. Mimi nami nilipanda. Mwaka wa saba, mwezi wa Oktoba, jirani alichoma shamba kutayarisha kilimo, upepo ukageuka, na jioni nilikuwa naangalia mashina meusi yenye urefu wa nyumba. Njia ya kuzuia moto niliifyeka mwaka wa kwanza na wa pili, kisha nikaona ni gharama bure.

Miti ni mali, nayo inazaa vizuri kwa mwenye subira. Tatizo ni subira yenyewe. Msindano wa mbao nzuri unataka miaka 18 na zaidi, lakini wengi wetu tunakata kwenye wa nane au wa kumi, kwa sababu barua ya chuo imefika. Shina la miaka kumi ni jembamba, linatoa mbao chache, na mnunuzi anayekuja shambani anahesabu kwa jicho na kutaja bei ya shamba zima. Akishajua kwamba chuo kinafunguliwa na wewe unatafuta ada, bei inashuka mbele ya macho yako. Vyuo hufunguliwa karibu Oktoba au Novemba, na wauzaji wa msimu huo ni wengi.

Kwa hiyo usikate miti yako kwa sababu yangu. Iweke kama mzigo wa mwaka wa tatu wa chuo, sio wa kwanza. Mwaka wa kwanza na wa pili uwe na fedha taslimu mahali, ili uuze miti siku unayotaka wewe. Na fyeka ile njia kila mwaka kabla ya Agosti.

Niandike jina la nani, langu au la mtoto?

Likiwa lako peke yako na ukafa, fedha inaingia kwenye mirathi. Kikao cha ukoo, cheti cha kifo, mahakama ya mwanzo, msimamizi wa mirathi, na mashemeji ambao hujawahi kuwaona. Hata ukoo wenye amani unaweza kupoteza mwaka mzima. Mfuko wa Watoto wa UTT unamruhusu mzazi kuweka kwa jina la mtoto, na benki nyingi zina akaunti za watoto ambazo mzazi anazisimamia. Kwa vyote utahitaji cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kama mtoto hana, anzia RITA. Cheti hicho hicho ataombwa tena akiomba mkopo wa chuo.

Mwambie na mwenzako, au mtu mmoja unayemwamini, ni mfuko gani na namba ipi. Andika ndani ya jalada la daftari la kliniki la mtoto, halipotei.

Wakala wa bima ananiuzia mpango wa elimu. Nikubali?

Unalipia vitu viwili, akiba na bima ya maisha yako, na ya pili ina faida ya kweli kama wewe ndiye nguzo pekee. Muulize swali moja: nikiacha kulipa baada ya miaka miwili, nitarudishiwa kiasi gani? Mwambie akuonyeshe jedwali. Mara nyingi miaka ya mwanzo unarudishiwa kidogo mno au hurudishiwi kitu. Kwa mtu mwenye Februari mbovu hilo ni jibu tosha.

Nimechelewa. Wangu yuko darasa la tatu.

Una miaka kumi hivi. Kwa hesabu ile ile lengo lako ni dogo kidogo, milioni 18.5, kwa kuwa bei hazijapanda sana, lakini kwa mwezi ni karibu 96,000. Mwenye miaka mitano tu atahitaji zaidi ya 190,000.

Huna 96,000? Basi lenga mwaka wa kwanza peke yake. Kwa miaka kumi, 30,000 kwa mwezi inakupa karibu milioni 5.8, ambayo ni karibu mwaka mzima wa kwanza kwa bei za wakati huo. Mwaka ule ndio unaowarudisha watoto nyumbani, kwa sababu kila kitu kinadaiwa wiki moja: ada, chumba, godoro. Mwaka wa pili na wa tatu utachangia unavyopata, pamoja na mkopo kama ataupata.

Si kuna Bodi ya Mikopo? Kwa nini nijisumbue?

Kuna wanaopata wote, kuna wanaopata sehemu, kuna wanaokosa, na unajua uko kundi gani wiki chache kabla ya kufungua. Huwezi kujenga akiba kwa wiki chache. Hata aliyepata, fedha ya kujikimu haimsubiri getini siku ya kuripoti. Na ni deni: akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Kila milioni uliyoweka wewe ni miezi asiyokatwa.

Nimeambiwa kuna mahali panatoa asilimia 10 kwa mwezi.

Wenye umri wangu tunaikumbuka DECI ya 2009, upatu uliokufa na fedha za watu. Waliita kupanda mbegu na kuvuna. Sina la kuongeza.

Akikaribia chuo nifanye nini na fedha?

Anza kuzihamisha akiingia kidato cha tano. Zikiwa kwenye mfuko wenye hisa, hamishia fedha ya mwaka wa kwanza kwenye Ukwasi, au benki kwa muda maalumu unaoisha mwezi mmoja kabla ya chuo. Kwa dada wa viazi hiyo itakuwa ile milioni 7.5, ambayo kwa kiwango cha sasa ni sawa na kikomo cha bima ya amana katika benki moja. Ikizidi, anagawa kwa benki mbili. Akiingia kidato cha sita anahamisha ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa tatu anaiacha ilipo mpaka mtoto amalize mwaka wake wa kwanza.

Na ukishazihamisha, lipa ada moja kwa moja kwa namba ya malipo ya chuo. Hela ya chakula mtumie kila mwezi kwa simu, tarehe moja. Dada aliuliza kama amtumie yote mwanzoni mwa muhula ili kuokoa makato. Nilimuuliza kama yeye akiwa na miaka 18 angepewa laki tisa siku moja, Desemba angekuwa na ngapi. Akasema tuendelee na swali jingine.